Naomba ushauri: paka wangu hujificha wageni wakija

Hamjambo ndugu zangu. Paka wangu Kijivu akisikia mlango ukigongwa hukimbilia chini ya kitanda, masikio yamelala, macho yamekuwa meusi tii. Juzi mtoto wa dada yangu alimvuta mguu, akaparuzwa mkono. Tuliuosha kwa sabuni na maji mengi, kisha tukaenda kliniki. Siku hizi namfungia chumbani saa moja kabla wageni hawajafika, na maji, beseni la mchanga na katoni ya kujificha. Anatulia, ila hagusi chakula mpaka waondoke.

Jumamosi chama kinakuja kwangu hapa Umoja, kina mama kumi na wawili. Nimwache humo, au niache mlango wazi ajitokeze mwenyewe? Na wageni niwaambieje wasimfuate, bila kuwaudhi?