Waliopima kalprotektini kwa sababu ya tumbo lisiloisha: tupeane uzoefu

Mama Kibe, Umoja
Wadau, hapa Nairobi ukimwambia daktari wa kliniki ya mtaani kwamba tumbo linasumbua, safari huwa ni ile ile. Kwanza dawa ya amiba. Ukirudi unapimwa taifodi. Ukirudi tena unaambiwa ni vidonda vya tumbo. Nimepita hatua zote hizo na tumbo likabaki pale pale: maumivu chini ya kitovu, leo naharisha kesho choo kimefunga, na nikienda haja napata nafuu kidogo.

Mwishowe daktari wa utumbo akaniagizia kipimo cha choo kinachoitwa kalprotektini, kinachoonyesha kama utumbo umevimba. Jibu likatoka 186, na karatasi inasema kawaida ni chini ya 50. Siku hiyo sikulala. Nilijua sasa naenda kuingizwa kamera ya utumbo.

Lakini daktari hakukimbilia kamera. Aliuliza kama kuna damu kwenye choo, kama nimekonda, kama kuhara kunaniamsha usiku, kama kuna mtu kwetu aliyeugua utumbo. Yote hapana. Kisha akauliza dawa za maumivu. Mgongo hunisumbua, kwa hiyo nilikuwa nameza diklofenaki ya duka la dawa karibu kila siku, na omeprazoli juu yake ili isiniunguze tumbo. Akaniambia zote mbili zinaweza kupandisha hiyo namba. Tukaziacha, nikapewa parasetamoli, nikarudia kipimo baada ya wiki kadhaa. Jibu: 38. CRP, kipimo cha damu cha uvimbe mwilini, ilikuwa sawa, na hemogramu haikuonyesha upungufu wa damu. Sasa natibiwa IBS, yaani utumbo unaosumbua bila kuvimba, na kamera haijatajwa tena.

Wengine yalikuwaje? Hasa nyinyi ambao namba yenu ilikaa katikati.

Otis_Kayole
Mimi nilipima choo mwaka jana nikaambiwa nina H. pylori, nikameza dawa wiki mbili, nikapona. Kwa hiyo mama, hicho kipimo kinafanya kazi.

Fundi wa Maabara
Kaka Otis, hicho ulichopima ni kingine. Kile cha H. pylori kinatafuta mdudu wa tumboni. Kalprotektini ni protini iliyomo ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazokimbilia mahali penye vita. Utumbo ukivimba, chembe hizo hupenya ukutani na kuingia kwenye choo, na protini hiyo inatoka nazo. Ndiyo maana kipimo kinasema kuna vita, lakini hakisemi ni vita gani. Kuharisha kwa bakteria kama shigela au salmonela kunaweza kuipandisha sana. Mtu aliyekula kitu kibaya wiki iliyopita asipime leo.

Na kwa kuwa nashinda nazo hizi sampuli, niongeze jambo. Lete choo cha asubuhi, kisichochanganyika na mkojo, kwenye kikopo cha maabara. Tunapima kipande kidogo sana, hivyo namba ya mtu mmoja inaweza kutofautiana kati ya choo cha asubuhi na cha jioni. Choo cha majimaji matupu kinaweza kutoa namba ya chini kuliko ukweli. Usihangaike kwamba foleni ya Thika Road itaiharibu: protini hii inavumilia siku mbili tatu nje ya friji, ingawa friji ni bora. Na jibu halitoki siku hiyo hiyo kila mahali, kwa sababu maabara nyingi hungoja sampuli zirundikane ndipo ziendeshe mashine.

Njeri wa Rongai
Kwa hiyo ikiwa chini ya 50 uko salama kabisa, hata saratani huna. Dadangu aliambiwa hivyo.

Fundi wa Maabara
Nusu ni kweli, dada. Ikiwa chini, uwezekano wa Crohn au kolaitisi ya vidonda, magonjwa ya utumbo kuvimba kwa muda mrefu, unakuwa mdogo sana. Saratani ni habari nyingine, kwa sababu uvimbe wa saratani unaweza kukaa pale bila kupandisha namba hiyo. Mtu mwenye damu kwenye choo, aliyekonda bila sababu au mwenye upungufu wa madini ya chuma asitulizwe na 38. Huyo kamera inamhusu.

Abdi, Eastleigh
Yangu haikuwa ya katikati. Ilikuwa zaidi ya 1,100. Nilikuwa nimekonda mpaka mkanda nikautoboa tundu jipya, homa za jioni, maumivu upande wa kulia chini. Daktari wa kwanza aliangalia namba tu akasema hii ni Crohn, tuanze steroidi, dawa za kutuliza uvimbe ambazo pia hushusha kinga. Mjomba wangu ni nesi, akakataa katakata. Akasema, katika nchi hii yenye TB, hakuna steroidi kabla ya kupima kipande cha nyama ya utumbo.

Tukaenda kwa mwingine. Kolonoskopi, yaani ile kamera, ikaonyesha vidonda mahali utumbo mdogo unapoungana na mkubwa, na huko ndiko TB na Crohn zote hupenda kukaa. Wakachukua vipande, vingine vikapelekwa kwa darubini, kimoja kikapimwa kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya TB. Nikapigwa picha ya kifua, nikapimwa pia virusi vya UKIMWI. GeneXpert ikasema hakuna TB. Hapo nilichanganyikiwa, lakini daktari akasema kwenye utumbo mashine hiyo hukosa wagonjwa wengi kwa sababu vijidudu ni vichache. Kipande cha darubini kilikuwa na dalili zilizomwelekeza kwenye TB, basi tukaanza dawa za TB, na kamera ya pili ikapangwa baada ya miezi miwili. Vidonda vilikuwa vimefunga karibu vyote, na kalprotektini imeshuka. Kama ingekuwa Crohn, vidonda havingefunga hivyo kwa dawa za TB.

Mama Kibe, Umoja
Abdi, pole sana. Na mjomba huyo mshike vizuri. Ungeanza steroidi ukiwa na TB, ungekuwa unaifungulia mlango.

Kevo254
Sasa mimi ndiye wa katikati. Yangu 140. Sinywi dawa za maumivu, sijaugua tumbo la kuhara hivi karibuni, sina damu, ila wakati mwingine kuhara kunaniamsha saa tisa usiku. Daktari mmoja anasema rudia baada ya wiki sita, mwingine anasema kamera moja kwa moja. Na kusema kweli kamera inagharimu kuliko kodi yangu ya nyumba. Mnafanyaje?

Njeri wa Rongai
Rudia tu. Wengi wa 140 hushuka.

Fundi wa Maabara
Wengi hushuka, ndiyo, na kwa mtu asiye na dalili nyingine ningekubaliana na Njeri. Hilo la kuamshwa usiku ndilo linanisumbua mimi. IBS kwa kawaida humwacha mtu alale. Je, ulimwambia yule anayetaka kurudia?

Kevo254
Hakuniuliza, nami sikufikiri ni kitu.

Mama Kibe, Umoja
Kevo, mwambie kabla ya kurudia. Na kipimo cha pili kifanye maabara ile ile, kwa sababu niliambiwa mashine tofauti hutoa namba tofauti kwa choo kile kile. Yangu yote mawili yalitoka sehemu moja.

Kevo254
Nina miadi Alhamisi. Nitaandika namba ikitoka.