Tupeane uzoefu: kusoma mizizi, kipeo na mstari wa ulinganifu kwenye picha ya grafu iliyopigwa kwa simu

Chaki Nyeupe
Wakuu, siku hizi kazi za grafu zinakuja kama picha kwenye WhatsApp. Mwanafunzi anachora kwenye karatasi ya grafu, anapiga picha, anatuma. Wengine wanapewa picha kama swali: soma mizizi, kipeo na mstari wa ulinganifu.

Tutumie mfano mmoja ili tusipotezane: y = 2x² − 5x − 3, x kuanzia −2 hadi 4, sentimita 2 kwa kizio 1 kwenye mhimili wa x na sentimita 1 kwa kizio 1 kwenye mhimili wa y. Jedwali linatoa y = 15, 4, −3, −6, −5, 0, 9. Jibu linalonirudia kila mara ni kipeo (1, −6). Wewe ukipewa picha ya namna hii unaisomaje? Tafadhali msije na fomula tu, swali linasema "kutokana na grafu".

Mzee wa Jedwali
Hiyo (1, −6) inatoka kwenye jedwali, haijatoka kwenye grafu. Mtoto ameona −6 ndiyo namba ndogo kuliko zote akaishia hapo. Lakini pande zake mbili hazilingani: kwenye x = 0 kuna −3, kwenye x = 2 kuna −5. Kama kipeo kingekuwa kwenye 1, hizo mbili zingekuwa sawa.

Mimi naanza na skeli kabla hata ya kuutazama mkunjo. Karatasi ya kawaida ina visanduku vidogo vya milimita 2. Kwa skeli aliyotaja Chaki, kisanduku kimoja ni 0.1 upande wa x lakini ni 0.2 upande wa y. Makosa mengi yako hapa, mtu anahesabu visanduku vitano kwenda chini anaandika 0.5 badala ya 1.

Kisha mizizi. Mkunjo unakata mhimili wa x visanduku vitano kushoto kwa sifuri, yaani −0.5, na upande wa kulia unakata pale pale kwenye 3.

Mstari wa ulinganifu usiutafute kwa kuangalia chini kabisa. Tafuta mistari mlalo inayokata mkunjo mara mbili, uchukue katikati. Kwenye y = −3 unakata x = 0 na x = 2.5. Kwenye y = 0 ni −0.5 na 3. Kwenye y = 4 ni −1 na 3.5. Zote zinatoa 1.25. Chora wima x = 1.25, shuka nao hadi ugonge mkunjo, ndipo usome y: ni kidogo chini ya −6, kama −6.1.

Kwa nini usiangalie chini tu? Mstari wa penseli una unene wa karibu nusu milimita, ambao kwa y ni 0.05. Parabola hii inahitaji kusogea karibu 0.16 kutoka kwenye kipeo ndipo ipande 0.05. Kwenye karatasi hiyo ni milimita 3 kila upande. Kwa hiyo kuna sehemu ya milimita 6 ambayo kwa macho ni tambarare tupu. Kwenye mizizi mkunjo umesimama wima, unasomeka vizuri sana.

Rula30
Nakubaliana na katikati ya mizizi, ila mbona mnajichosha kuhesabu visanduku? Fungua picha kwenye kompyuta, weka rula kwenye skrini, pima kutoka mzizi hadi mzizi, gawa kwa mbili. Au soma pikseli kwenye programu ya kuchorea. Inachukua nusu dakika na haibagui skeli.

Fundi Pikseli
Mkuu Rula30, hiyo inafanya kazi kama simu ilikuwa sambamba na karatasi. Ikiwa imeinama, katikati ya skrini si katikati ya karatasi.

Chukua picha ya grafu hiyohiyo iliyopigwa kutoka upande wa kushoto. Kutoka −1 hadi 0 kuna pikseli 214, lakini kutoka 2 hadi 3 kuna pikseli 180 tu, kwa sababu upande ule uko mbali na simu. Ukipima kutoka alama ya −1, mzizi wa kushoto uko pikseli 108 na wa kulia uko 786. Katikati ni 447. Sasa rudi kwenye alama za mhimili: x = 1 iko pikseli 415 na x = 2 iko 606. Pikseli 447 inaangukia karibu 1.16. Jibu sahihi ni 1.25, umekosa karibu kisanduku kizima.

Hesabu visanduku, kwa sababu kisanduku kinapungua ukubwa pamoja na mkunjo. Visanduku 35 ni 35 hata picha ikiinama.

Kama ni lazima upime kwa pikseli, kuna namna ya kugundua: pima katikati kwenye mistari mlalo ya vimo tofauti, pale mkunjo ulipo mwembamba na pale ulipo mpana. Ukiona katikati inahama kidogo kidogo kadiri unavyopanda, simu iliinama.

Rula30
Sawa, hapo nimekuelewa. Lakini picha iliyovutwa tu, mfano imepanuliwa kwa upana, rula bado ni halali?

Fundi Pikseli
Ndiyo. Kuvuta kwa kiwango kimoja hakuhamishi katikati. Kinachohamisha ni upande mmoja kuwa mbali kuliko mwingine.

Dogo wa Kidato
Shikamoo walimu. Mimi picha yangu imekatwa, inaanzia kwenye mhimili wa y kwenda kulia. Naona mzizi mmoja tu, 3. Niandike kwamba ina mzizi mmoja?

Mzee wa Jedwali
Marahaba. Hapana. Mzizi mmoja ni pale mkunjo unapougusa mhimili kwa kipeo bila kuukata. Wako unakata na kipeo kiko chini, kwa hiyo wa pili upo nje ya picha.

Mstari wa ulinganifu bado unaupata: mkunjo unakata mhimili wa y kwenye −3, na upande wa kulia unapita −3 tena kwenye 2.5. Katikati 1.25. Kutoka 1.25 hadi 3 ni 1.75, basi rudi 1.75 upande wa kushoto: −0.5.

Msafiri wa Pwani
Mimi nina picha ya mtoto akipiga mpira kwenye mchanga, mpira unaonekana mara kadhaa angani. Hiyo nayo ni parabola. Kipeo chake nakipataje?

Chaki Nyeupe
Ndugu yangu, hapa tunazungumzia grafu iliyochorwa. Picha yako haina visanduku wala mihimili, utapata umbo lakini namba hutapata mpaka uwe na kitu chenye urefu unaojulikana pale pale kwenye njia ya mpira. Fungulia uzi wake, utachangamka.

Mwalimu wa Bonde
Huku kwetu Kenya tatizo kubwa ni picha iliyolala upande. Mwanafunzi anashika simu kombo, mistari ya karatasi inaonekana imeinama kama digrii 10, halafu msomaji anafuata ukingo wa skrini badala ya mistari ya karatasi.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halijionyeshi. Ile mbinu ya kulinganisha katikati kadhaa haitalinasa, kwa sababu mistari yote ikiinama kwa pembe moja, katikati zote zinahama kiasi kilekile. Kwa grafu ya Chaki, digrii 10 zinakupeleka karibu 1.34 au 1.16, kutegemea imeinamia wapi, na zote zitakubaliana vizuri kabisa. Sehemu inayoonekana ya chini kabisa kwenye skrini nayo inahamia hapo hapo. Kabla ya kusoma chochote, zungusha picha hadi mhimili wa x uwe sambamba na ukingo.

Kuhusu daftari: karibu na mshono karatasi inapinda na mistari iliyonyooka inakuwa ya mviringo. Sehemu hiyo usiipime kwa rula kabisa. Wakati wa kupiga, toa karatasi au ibane iwe bapa, simama mbali kiasi uvute kwa zuumu badala ya kuikaribia sana, na hakikisha namba za mihimili yote miwili zimo.

Fundi Pikseli
Nyongeza kwa wanaotumia GeoGebra. Ukiweka picha, kuna `Corner 1`, `Corner 2` na `Corner 4`. Kona hizo tatu zinarekebisha picha iliyozunguka au kuvutwa. Haziwezi kurekebisha simu iliyoinama, hiyo inahitaji kona nne, kwa hiyo nyoosha kwanza kwenye programu ya kuskani.

Kisha hakikisha usomaji wako kwa nukta ambayo hukuitumia. Una mizizi −0.5 na 3, kwa hiyo y = a(x + 0.5)(x − 3). Mkunjo unakata mhimili wa y kwenye −3, basi −3 = a × 0.5 × (−3), a = 2. Weka x = 1.25: 2 × 1.75 × (−1.75) = −6.125. Ulisoma −6.1, mambo yako sawa. Andika hii uone kama inalalia mchoro:

```
f(x) = 2(x + 0.5)(x - 3)
```

Ikilala vizuri juu lakini ikaachana na mchoro chini, picha haina kosa, mkono ndio uliokosea.

Chaki Nyeupe
Hapo ndipo penye ugomvi. Nina picha ambayo mwanafunzi ameunganisha (1, −6) na (2, −5) kwa rula. Mkunjo wake kweli unaishia chini kwenye (1, −6). Amesoma grafu yake kwa uaminifu. Je, apate alama?

Mzee wa Jedwali
Ya kusoma apewe, ya kuchora akatwe. Parabola haina kona.

Mwalimu wa Bonde
Sikubali, mzee. Mizizi yake ni −0.5 na 3, ameiandika mwenyewe mstari wa juu. Akisema mstari wa ulinganifu ni x = 1 anajipinga, maana kutoka 1 hadi 3 ni 2 na kutoka 1 hadi −0.5 ni 1.5. Alitakiwa alione hilo bila kuchora upya.

Mzee wa Jedwali
Na aliyesoma 1.3 na −6.2 je? Kwenye karatasi hiyo ni nusu kisanduku tu kila upande.

Mwalimu wa Bonde
Huyo namkubalia 1.2 hadi 1.3. Kwa y sijaamua, maana −6.2 inasomeka, lakini −6.0 itakuwa imetoka kwenye jedwali na siwezi kutofautisha kwa picha.