Naomba ushauri: mbuzi wa Ahlul Kitabi, kisu kikanyanyuliwa kabla koo halijaisha

Asalaam alaykum ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye kusoma fikihi.

Mchinjaji ni Mkristo. Mpigo wa kwanza ulikata njia yote ya pumzi na nusu ya umio, kisu kikagoma kwa ubutu. Akakinyanyua, akachukua kikali, akamalizia. Katikati hapo mbuzi alikuwa bado anarusha miguu kwa nguvu, na mpigo wa pili damu iliruka. Mchinjaji alikuwa kimya muda wote, hakutaja jina lolote.

Nimepitia Mashafii: sharti lao ni kukatika koo la pumzi na umio kikamilifu, mnyama akiwa na uhai thabiti unapoanza mkato. Bismillahi kwao ni sunna, na chakula cha Ahlul Kitabi kinaruhusiwa na Al-Maida aya ya 5. Mahanafi wanatosheka na mirija mitatu kati ya minne, lakini kuacha bismillahi kwa makusudi kunaharamisha, kusahau hakuharamishi.

Maswali yangu ni mawili. Kwa Mashafii, alama zile mbili za uhai, yaani kurusha miguu kwa nguvu na damu kuruka, zinatosha kuuhesabu mpigo wa pili kuwa uchinjaji kamili, hata kama pengo lilikuwa refu? Hapa ndipo ninapokwama hasa, maana uhai ukishakuwa wa kutapatapa tu, huyo ni mzoga. Na kwa Mahanafi, kimya cha Mkristo kinahukumiwa kuwa kusahau au makusudi?

Tafadhali mtaje na madhehebu mnayojibia.