Kazi mbili, kodi imekatwa kote, na bado nadaiwa dola 1,860

Rehema:
Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Mwaka 2024 huku Marekani nilifanya kazi mbili, moja ya dola 30,000 na nyingine ya 20,000. Sijaolewa, sina mtoto. Kila slipu inaonyesha nimekatwa kodi. Nimejaza ritani ya serikali kuu, nadaiwa 1,860. Nilikatwa makato mwaka mzima, sasa hili deni limetoka wapi? Na mwenzangu kazini ananiambia makato ndiyo yanayopunguza kodi. Nimechanganyikiwa kabisa.

Hamisi:
Pole dada. Kazi ya pili siku zote hutozwa kwa kiwango kikubwa zaidi, ndivyo walivyopanga. Hapo hamna la kufanya, lipa tu.

Mzee Othman:
Rehema, marahaba. Hamisi mwanangu, umegusa jambo lakini hukulifikisha. Hakuna kiwango maalumu cha kazi ya pili. Kodi hupigwa juu ya jumla ya mapato, na mwajiri mmoja hajui mwenzake analipa nini.

Tufanye hesabu. Kwa mtu asiye na ndoa, mwaka 2024 dola 14,600 za kwanza hazikutozwa kodi. Zilizofuata, 11,600 zilitozwa asilimia 10, kisha asilimia 12 hadi mapato yanayotozwa kufikia 47,150. Mwajiri wa kwanza alitoa 14,600 kwenye 30,000 yako, akakata kama 1,616. Wa pili naye akatoa 14,600 ileile kwenye 20,000, akakata 540. Jumla 2,156. Lakini wewe ni mtu mmoja, kiasi hicho unakipata mara moja tu. Ukitoa 14,600 kwenye 50,000 inabaki 35,400, na kodi yake ni 4,016. Toa 2,156 uliyokwisha kukatwa, unapata 1,860 yako. Hukuonewa, binti yangu. Ulikatwa kidogo kila malipo, na fedha hiyo uliitumia bila kujua ina mwenyewe.

Kinachotuvuruga ni neno letu makato. Kodi inayokatwa kwenye slipu ni malipo ya awali tu, haipandishi wala haishushi kodi unayodaiwa. Ile 14,600 ni kitu kingine: inapunguza mapato yanayotozwa. Vivyo hivyo fedha unayoweka kwenye akiba ya uzeeni ya kazini, 401(k) ya kawaida. Ukiweka 1,000, kodi yako inashuka 120, kwa sababu uko kwenye asilimia 12. Haishuki 1,000, na hapo ndipo mwenzako anapokosea. Cha tatu ni nafuu inayotolewa kwenye kodi yenyewe baada ya hesabu kwisha. Nafuu ya 1,000 inafuta 1,000 ya kodi, uwe na mshahara mkubwa au mdogo, mradi kodi ya kufuta ipo.

Mama Neema:
Mzee, hapo kwenye nafuu ndipo penye yangu. Nina watoto wawili, wako nyumbani kwa bibi yao, na ada natuma mimi kila muhula. Nimesikia kila mtoto ni dola 2,000. Niwaandike?

Mzee Othman:
Mama Neema, hapana. Kwa 2024 ilikuwa kweli 2,000 kwa mtoto, na hata aliyekosa kodi ya kufuta aliweza kurudishiwa hadi 1,700, kutegemea kipato chake. Lakini mtoto lazima awe ameishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka na awe na namba ya Social Security inayomruhusu kufanya kazi. Ada unayotuma haitoshi kumfanya ahesabiwe. Najua inauma, maana mzigo ni wako, ila ukimwandika utadaiwa uirudishe.

Saida:
Mimi niko Uingereza. Kazi yangu ya pili ina msimbo wa kodi BR, wanakata asilimia 20 tangu pauni ya kwanza, kwa sababu kiasi kisichotozwa kimeshatumika kwenye kazi ya kwanza. Nilidhani naibiwa! Huko Rehema hawana kitu kama hicho?

Mzee Othman:
Kipo, ila lazima aombe mwenyewe. Rehema, jaza W-4 mpya, fomu inayomwambia mwajiri akukate kodi kiasi gani, kwa waajiri wote wawili na utie alama kisanduku cha 2(c). Kila mmoja atatoa nusu tu ya kiasi kisichotozwa cha mwaka huo na kutumia nusu ya kila ngazi. Nimepiga hesabu kwa mishahara yako na viwango vya 2024: 2,608 na 1,408, jumla 4,016 kamili. Ukitia alama kwa mmoja tu haitatosha. Kisanduku hicho kinafaa zaidi mishahara ikikaribiana. Mmoja ukiwa mdogo sana, utakatwa kupita kiasi.

Hamisi:
Nimekuelewa, mzee. Na kama hataki mwajiri ajue ana kazi nyingine?

Mzee Othman:
Basi aache kisanduku, aandike kiasi cha ziada kwenye 4(c) kwa mwajiri mmoja. Akilipwa mara 26 kwa mwaka, dola 72 kila malipo zinaziba pengo lote kama lile la 2024. Kodi ya jimbo ina hesabu yake.

Rehema:
Asante sana, mzee. Nimepeleka W-4 kote jana. Kazi ya kwanza wamesema itaanza malipo yajayo, ya pili hawajajibu. Mwaka umeshafika katikati, je, nusu iliyopita niizibe kwa 4(c) pia?