MREJESHO: Braza kupata hati ataki na miaka 41

Niliuliza: "Braza kapata hati ataki na miaka 41, mwembamba, havuti sigara, mzee wetu naye alianguka ghafla akafa na 44. Ni bahati mbaya tu?"

Wakuu, sio bahati mbaya. LDL yake, ile kolesteroli mbaya, ilikuwa juu sana, milimoli 7.1 kwa lita, wakapima thairoidi na figo maana nazo huwa zinapandisha, ziko freshi. Kilichomaliza ubishi ni kano za nyuma ya kisigino, nene na ngumu kwa kolesteroli iliyojikusanya humo, sisi tulidhani ni kwa sababu ya kucheza mpira tu. Ni jeni mbovu ya kurithi, ini linashindwa kuondoa LDL kwenye damu tangu anazaliwa, ndo maana wembamba haukumsaidia, na kila ndugu au mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa nayo.

Basi tukapima wote. Mimi niko safi, dada 6.4 na hana dalili yoyote, kaanza statini, dawa ya kushusha kolesteroli. Mtoto wa braza, miaka 10, ana 5.2, naye kaanzishiwa dozi ndogo, shemeji aligoma mwanzoni (namwelewa) mpaka akaelezwa mishipa inaharibika kwa jumla ya miaka ambayo LDL imekaa juu, ukisubiri kifua kianze kuuma ushachelewa.