Wushi na kishindo kwenye taito ya harusi havikai, naombeni msaada

FundiKihonda: Wakuu habarini, nahariri vidio za harusi hapa Morogoro. Mwanzoni majina ya maharusi yanaingia yakitokea kushoto halafu yanatua katikati, sasa nimepakua mtandaoni wushi ya pale yanapopita kwa kasi na kishindo cha pale yanapotua, nimezipanga pale pale picha inapokatika lakini sauti inachelewa, inaonekana kabisa. Na kile kishindo kwenye hedifoni kinatikisa ila mteja akifungua kwenye simu anasikia "tk" basi. Nataka nitengeneze zangu, kwa sauti natumia Audacity. Naanzia wapi?

Bablee: Kaka ongeza voliamu ya kishindo, piga hata desibeli 10 na besi juu, simu zina spika ndogo.

dada_Zuu: Mi kwa harusi naona taarabu taratibu inatosha, bibi harusi anaingia na wimbo wake, hayo mabuum ya nini?

FundiKihonda: Dada wimbo upo, naulizia sauti za pale majina yanapotua. @Bablee nimeongeza, sasa inakwaruza na simu bado kimya.

MzeeWaTreki: Bablee yuko sawa kwamba tatizo ni spika ndogo, ila dawa siyo hiyo. Simu nyingi chini ya hezi 150 hivi hazitoi kitu cha maana, na kishindo chako nahisi chote kiko kwenye 50, kwa hiyo ukiongeza unaongeza kitu ambacho simu haiwezi kukitoa. Huko kukwaruza ni wimbi limegonga juu likakatwa, kuza uone, vilele vitakuwa bapa kama vimepigwa panga.

Tuanze na kuchelewa. Wushi haianzi na nguvu, inapanda, inafika kilele, inashuka. Wewe umeweka mwanzo wa faili kwenye kato, kumbe kilele kiko labda nusu sekunde mbele. Tafuta kilele kwa macho kwenye wimbi, hicho ndicho ukiweke kwenye kato, mwanzo wa sauti uingie ukiwa bado kwenye picha ya nyuma.

Kutengeneza yako, chukua fimbo nyembamba au kanga iliyokunjwa, zima feni, weka simu irekodi halafu uipunge ipite pembeni ya maiki, isiielekee, maana upepo ukiingia moja kwa moja unapata "puf". Punga mara kumi, chagua moja. Kwenye Audacity fungua Change Speed and Pitch, kwenye Speed Multiplier weka 0.5, inakuwa ndefu mara mbili na nzito zaidi. Ikikosa hewa, tengeneza treki ya pili kwa Generate > Noise, chagua Pink, halafu kwa Envelope Tool uichore ipande na kushuka pamoja na ya fimbo.

Kishindo nakijenga kwa vipande vitatu. Cha kwanza mgongano mkavu, mfano kugonga meza kwa funguo, mfupi sana. Cha pili ndicho unachokosa wewe, kiwiliwili: ngumi kwenye gunia la mchele au mlango wa mbao kufungwa, hicho kina sauti za 200 hadi 400 ambazo simu inazitoa. Cha tatu ni mlango ule ule ulioupunguza mwendo, huo ni uzito wa kwenye spika kubwa. Vyote vianze sehemu moja kabisa, kikipishana kidogo unasikia vishindo viwili. Halafu sikiliza kwa spika ya simu kabla hujaeksipoti.

Bablee: Nimeelewa mzee, mi siku zote naongeza tu. Na ile inayopanda kabla ya taito?

MzeeWaTreki: Raiza rahisi ni mfuniko wa sufuria. Ugonge, uache ulie mpaka uishe, weka ukimya wa sekunde 3 mwishoni, chagua vyote pamoja na huo ukimya, piga Reverb ili mwangwi upate pa kuishia, halafu Reverse. Sasa unapanda wenyewe na kukatika ghafla. Mimi naacha fremu 2 za ukimya kabla ya kishindo, kwa vidio ya fremu 25 hizo ni milisekunde 80.

SautiYaKwaya: Hapo kwenye ukimya sikubaliani, mi vidio za kwaya nikiacha pengo inasikika kama sauti imekatika, maana wimbo chini unaendelea. Naunganisha moja kwa moja.

MzeeWaTreki: Wimbo ukiendelea ni kweli pengo halionekani, labda uushushe na wenyewe. Jaribu zote mbili.

FundiKihonda: Nimerudi. Wushi ya fimbo kilele kilikuwa sekunde 0.7, nimekirudisha kwenye kato na imekaa pale pale. Gunia sikuwa nalo, nimepiga godoro, ila kwenye simu ni hafifu, mlango wa chumbani umetoka vizuri zaidi. Kilichobaki ni mfuniko, unalia kama kengele na sauti yake inagongana na wimbo wa maharusi, nibadilishe mfuniko au nishushe noti?

SautiYaKwaya: Jaribu Change Pitch nusu noti kwa nusu noti wimbo ukiwa unapiga, utasikia pale inapoacha kuumiza sikio. Mfuniko mzito wa chuma huwa unakataa kabisa, mi niliishia kutumia sahani ya bati.