Picha zangu ziko kwenye akaunti feki. Kuziandika jina kunasaidia?

Mshona_Vitenge: Wakuu habari za jioni. Nashona na kuuza nguo za vitenge hapa Mwanza, wateja wengi nawapata Facebook. Juzi shemeji kanipigia akiuliza kama kweli nimelazwa, maana "mimi" nimemwomba elfu 50 Messenger. Kumbe kuna mtu kafungua akaunti kwa jina langu na picha zangu 3. Kinachoniuma, zote niliziandika jina langu chini pembeni. Kalikata tu, kwenye moja mkia wa herufi ya mwisho bado unaonekana. Nikimtafuta simwoni, shemeji anamwona. Niandike jina kubwa katikati?

Babu_Kijiwe: Katikati ya kifua, tena herufi nene. Pembeni unamrahisishia mwizi, picha ya wasifu yenyewe inakatwa duara.

MamaTwins: Pole dada. Hata mimi walinidukua, badilisha nywila haraka!

Fundi_Simu: MamaTwins, huyu hajadukuliwa. Mtu kachukua picha zilizokuwa wazi, nywila haihusiki.

Babu yuko sahihi nusu. Tapeli anajiita kwa jina la dada huyu huyu, sasa jina likikaa kifuani si linamsaidia kuaminika? Lingembana kama angetumia sura hiyo kwa jina jingine. Kwa biashara, andika namba yako ya kupokelea malipo, ipite juu ya nguo. Mteja akiambiwa atume kwingine atashtuka. Nayo inafutika kwa programu, hasa kwenye kitambaa cha rangi moja. Kwenye kitenge chenye maua huacha ukungu, ukikuza picha unauona.

Humwoni kwa sababu kakufungia. Shemeji aifungue ile akaunti, anakili linki yake na kupiga picha ya skrini ya mazungumzo kabla ya lolote, maana jina linaweza kubadilishwa wakati wowote. Kisha abonyeze vidoti 3, Report profile, aeleze kwamba anaigizwa rafiki yake, akutaje wewe. Halafu orodha yako ya marafiki iweke Only me. Nadhani shemeji kapatikana humo, picha ilikuwa vazi tu.

Mshona_Vitenge: Ya marafiki sikuwaza kabisa. Namba aliyotaka hela itumwe ninayo.

Fundi_Simu: Itume kwa ujumbe kwenda 15040, kisha ukachukue RB. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni kumo kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 15.

Babu_Kijiwe: RB sawa, ila usikae unaisubiri. Yangu ina mwaka wa pili.

Mshona_Vitenge: Shemeji karipoti sasa hivi, bado hatujajibiwa. Na picha za watoto nizifute, au niziache kwa marafiki tu?

Babu_Kijiwe: Marafiki wangapi unawajua kwa sura?

Mshona_Vitenge: Wako elfu 2 na ushee. Nusu ni wateja, siwajui.

Fundi_Simu: Basi futa.